Nani anamjibu nani? Kodi ya nyumba, kodi ya kichwa na tozo katika ujenzi wa dola Tanzania

Makala hii inauliza kwa nini kodi huzaa uwajibikaji mahali pengine, na pengine huzaa utoro tu. Nadharia ya mapatano ya kikodi inaanzia kwenye uhitaji: mtawala anataka fedha, raia anazo, kwa hiyo watasemezana. Charles I wa Uingereza alitawala bila Bunge tangu 1629, lakini fedha za vita zilipomwishia mwaka 1640 alilazimika kuliita. Nakubaliana na nadharia hiyo hadi hapo. Ninachoongeza ni kwamba uhitaji wa mtawala hautoshi. Mlipaji naye lazima aione kodi anayolipa, na awe na njia ya kuikataa bila kuhatarisha maisha yake.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897 na kuanza kuitoza mwaka uliofuata. Vijijini kiwango cha kawaida kilikuwa rupia 3, na asiyekuwa na fedha aliweza kudaiwa mazao au kazi. Kodi hiyo ilijenga dola kweli. Ili itozwe, nyumba zilihesabiwa, majumbe walipewa majukumu, maakida walipelekwa mahali ambapo serikali ilikuwa haijawahi kuonekana. Lakini akida alimjibu bwana wa bomani, hakumjibu mwenye nyumba. Hapakuwa na baraza ambako mkulima angeuliza rupia zake zimefanya nini. Alichoweza ni kuhama, kujificha, au kupigana. Vita vya Maji Maji vya 1905 havikusababishwa na kodi peke yake, kwani kulazimishwa kulima pamba kuliwachoma watu pengine zaidi. Hata hivyo, kwa aliyeko shambani vitu hivyo viwili vilitoka kwenye mkono mmoja.

Waingereza walikuja na kodi ya kichwa, lakini msako wa wasiolipa ulibaki, na uliendelea hata baada ya uhuru. Halmashauri ziliporudishwa miaka ya 1980 zilipewa kodi ya maendeleo, iliyomdai kila mtu mzima. Wazee katika vijiji vingi bado wanakumbuka mgambo wa alfajiri, na wanaume kulala porini mpaka msako upite. Ila ndani ya mfumo huohuo wa mabavu palitokea jambo ambalo nadharia yetu ingelitarajia. Mwaka 1998 wananchi wa Arumeru waligomea kodi ya maendeleo, na mgomo huo uliiweka halmashauri yao yenyewe kwenye mizani. Kodi ilikuwa imewapa anwani ya kupeleka lawama.

Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Siilaumu hatua hiyo hata kidogo: kodi inayomfanya mtu aikimbie nyumba yake haina utetezi. Lakini fedha zilizopotea zilifidiwa kwa ruzuku, na kwa hiyo macho ya mkurugenzi wa halmashauri yakaelekea Hazina. Mwanakijiji alipata usingizi, na wakati huohuo akapoteza sababu mojawapo ya kusimama mkutanoni na kudai hesabu. Si kwamba aliacha kulipa. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza 1998, humfikia ndani ya bei za dukani, kwa kiwango cha asilimia 18 tangu 2009. Haioni, na ni vigumu kudai hesabu ya fedha usiyojua kuwa umeitoa.

Ndiyo maana tozo za miamala ya simu za Julai 2021 zina uzito wa pekee kwa hoja hii. Zilifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, na kila makato yalisomeka kwenye ujumbe wa simu papo hapo. Watu walilalamika sokoni, redioni na mitandaoni, na wengine wakarudi kwenye fedha taslimu. Serikali ilianza kutaja madarasa na vituo vya afya vinavyojengwa kwa tozo. Maelezo ya aina hiyo, ya kodi moja na matumizi yake, si ya kawaida kwetu. Septemba mwaka huo tozo zilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata zikapunguzwa tena.

Hayo yalikuwa mapatano, ila yalipita nje ya chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge. Bunge lilikuwa limezipitisha tozo hizo, na bado nafuu ya kwanza ilianzia kwenye agizo la Rais la kuziangalia upya. Mlipaji alisikilizwa, lakini si na wawakilishi aliowachagua wamsemee kabla fedha haijakatwa.