Majibu ya gesi za damu ya ateri, kitanda namba 6, pamoja na maelezo kwa mtoto wa mgonjwa

Mgonjwa: mwanamke, miaka 58, wodi ya wagonjwa mahututi
Ugonjwa: asidi ya ketoni kutokana na kisukari, nimonia ya pafu la kulia
Sampuli: damu ya ateri, kifundo cha mkono wa kushoto

| Kipimo | Jumanne saa 4:20 usiku | Jumatano saa 11:40 alfajiri | Jumatano saa 8:10 mchana | Alhamisi saa 12:50 asubuhi | Mtu mzima mwenye afya |
|---|---|---|---|---|---|
| pH | 7.08 | 7.06 | 7.21 | 7.31 | 7.35–7.45 |
| pCO2 (mmHg) | 18 | 29 | 27 | 34 | 35–45 |
| HCO3 (mmol/L) | 5.2 | 8.0 | 10.4 | 16.6 | 22–26 |
| pO2 (mmHg) | 66 | 57 | 84 | 88 | 80–100 |
| Lakteti (mmol/L) | 3.2 | 4.1 | 2.9 | 1.7 | chini ya 2 |
| Potasiamu (mmol/L) | 5.6 | 4.3 | 3.9 | 3.4 | 3.5–5.0 |
| Sukari (mmol/L) | 31.0 | 22.4 | 15.8 | 11.9 | |
| Oksijeni aliyopewa | barakoa, lita 10 | barakoa yenye mfuko, lita 15 | mashine, 60% | mashine, 45% | hewa ya kawaida |

Tafsiri ya Alhamisi asubuhi: Asidi ya kimetaboliki bado ipo lakini inapungua. Kabonidayoksaidi inalingana na bikaboneti iliyopo. Oksijeni inatosha kwa msaada wa mashine. Potasiamu imeshuka kidogo, inaongezwa kwenye dripu. Insulini iendelee.

---

Dada, pole na kuuguza.

Asubuhi uliniomba nakala ya karatasi hii. Ulisema wewe ni mwalimu wa hesabu, na kwamba maneno "anaendelea vizuri" hayakutoshi. Una haki. Pale koridoni sikupata nafasi ya kukueleza vizuri, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Tuanze na damu yenyewe. Vipimo vingi hutolewa kwenye vena, yaani damu inayorudi ikiwa imeshatumika. Hiki kinatolewa kwenye ateri. Damu yake imetoka mapafuni, imepita kwenye moyo, na ndiyo inakwenda kulisha mwili, kwa hiyo inatuonyesha mapafu yamefanya kazi gani. Ateri iko ndani zaidi na kuichoma kunauma. Ule wekundu uliouona kwenye kifundo cha mkono wa mama ni wa sindano mbili za kwanza. Tangu jana ana mrija mwembamba uliokaa humo humo ndani ya ateri, kwa hiyo hatumchomi tena kwa ajili ya kipimo hiki.

Sasa kuhusu namba. Chukua magadi soda yale ya jikoni, kijiko kimoja, uyakamulie ndimu. Yatachemka na kutoa povu. Yale magadi ni bikaboneti, ndimu ni asidi, na hewa inayotoka kwenye povu ni kabonidayoksaidi. Jambo hilo hilo linatokea ndani ya damu kila dakika. Asidi ikiingia, bikaboneti inaizima, na kabonidayoksaidi inayozalishwa hupelekwa mapafuni ikatoka tunapopumua. Figo ndizo zinazorudisha akiba ya bikaboneti, ila zinakwenda taratibu, kwa siku. Mapafu hujibu kwa dakika.

Mama alipougua kifua aliacha kula, na kwa kuwa hali akaona hana haja ya kuchoma insulini. Wengi hufanya hivyo, wala simlaumu. Lakini mwili ukiugua unahitaji insulini zaidi, hata kama tumbo ni tupu. Ukiikosa, sukari inabaki kwenye damu bila kutumika, mwili unaanza kuunguza mafuta, na mafuta hayo yanaacha ketoni, ambazo ni asidi. Ndimu ilizidi magadi. Ndiyo maana Jumanne usiku bikaboneti yake ilikuwa 5.2.

pH ndiyo inayosema mwishowe asidi imefikia wapi. Inasomwa kinyume: ikishuka, asidi imepanda. Isitoshe si kipimo cha hatua zilizo sawa, ni logi. Kutoka 7.40 kwenda 7.10 kunaonekana kidogo kwenye karatasi, ila maana yake ni kwamba asidi imeongezeka mara mbili. Kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, hii hapa njia tunayoitumia kichwani, H+ ikiwa asidi, pCO2 kabonidayoksaidi na HCO3 bikaboneti, na jibu lake likiwa kwa nanomoli kwa lita:

`H+ = 24 × pCO2 ÷ HCO3`

Kwa mtu mzima wa afya, 24 × 40 ÷ 24 ni 40, na hiyo ndiyo pH 7.40. Kwa mama Jumanne usiku, 24 × 18 ÷ 5.2 ni 83. Utaona kwamba bikaboneti peke yake haiamui kitu, na kabonidayoksaidi peke yake pia haiamui. Kinachoamua ni uwiano wao.

Mliniambia kwamba nyumbani alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, mkadhani ni pumu. Hakuwa na pumu. Mapafu yake yalikuwa yanafukuza kabonidayoksaidi kwa nguvu zote ili uwiano ule usiharibike kabisa. Yaliishusha hadi 18. Kama ingebaki 40 ya kawaida na bikaboneti ile ya 5.2, hesabu ingefika 185, na nadhani tusingekuwa tunaandikiana leo.

Safu ya pili, ya Jumatano alfajiri, ndiyo iliyozua mjadala kati ya mjomba wako na muuguzi. Mjomba alisoma karatasi akasema, bikaboneti imepanda kutoka 5.2 hadi 8, kabonidayoksaidi imetoka 18 hadi 29 na inakaribia ya kawaida, sasa kwa nini mnamwekea mpira kooni? Swali zuri kabisa. Hata mashine ya kupimia ilikuwa upande wake, maana pembeni ya 29 ilichapa mshale wa kushuka. Mashine hiyo inamlinganisha kila mtu na mtu mwenye afya. Haijui aliyelala kitandani ni nani.

Sisi tulisoma hivi. Kwa mgonjwa wa asidi ya namna hii tunakadiria kabonidayoksaidi inayotakiwa kwa kuzidisha bikaboneti mara 1.5 na kujumlisha 8. Bikaboneti ya 8 inadai kabonidayoksaidi ya karibu 20. Mama alikuwa na 29. Insulini ilishaanza kufanya kazi na asidi ya ketoni ilikuwa inapungua, lakini mama alikuwa amechoka. Alikuwa amehema kwa nguvu usiku kucha na pafu moja limejaa nimonia. Misuli ya kupumua ilianza kukata tamaa, hewa chafu ikarudi ndani, pH ikashuka badala ya kupanda. Oksijeni nayo ilikuwa 57 akiwa kwenye barakoa ya lita 15. Muuguzi wa zamu alikuwa ameshaniita kabla karatasi haijatoka, kwa sababu aliona mama anasinzia katikati ya maneno. Tulipoiona 29 hatukungoja.

Mwambie mjomba kwamba mashine ya kupumulia haikuwekwa kwa kuwa tumeishiwa. Iliwekwa ili ihemee kwa niaba yake. Ndiyo maana jana mchana uliikuta inapiga pumzi 30 kwa dakika ukashtuka. Tuliipanga hivyo kwa makusudi. Tungeipanga kwa mwendo wa mtu aliyelala, kabonidayoksaidi ingepanda hadi 40 na pH ingeanguka chini ya 7.0 mikononi mwetu.

Mjomba aliuliza pia kwa nini hatukumpa bikaboneti ya dripu moja kwa moja, kama ndiyo iliyopungua. Kumbuka povu la ndimu. Bikaboneti ikizima asidi inazaa kabonidayoksaidi, na mapafu ya mama yalikuwa tayari yanashindwa kuitoa. Kwa asidi ya ketoni dawa ni insulini na maji, ili kiwanda cha asidi kifungwe. Bikaboneti tunaifikiria pH ikishuka chini ya 7.0, na yake haikufika huko. Bikaboneti yake mwenyewe imejirudisha hadi 16.6 bila sisi kuongeza hata tone.

Leo asubuhi hesabu ni 24 × 34 ÷ 16.6, yaani 49. Kutoka 87 ya jana alfajiri. Na 34 hiyo ndiyo bikaboneti yake inayotaka, kwa hiyo tumeshapunguza pumzi za mashine hadi 20. Ndugu yako muuguzi aliyeko Uingereza ukimsomea 34 anaweza kushangaa, kwa sababu kule hutumia kipimo cha kilopaskali. Mwambie ni 4.5.

Lakteti ni asidi nyingine, inayoonyesha kama viungo vinapata damu na oksijeni ya kutosha. Imerudi mahali pake, sina la kuongeza hapo. Potasiamu ndiyo mnayosikia tukiitajataja, kwa sababu insulini inaisukuma iingie ndani ya seli na ikishuka sana moyo unaweza kupiga vibaya. Yake ni 3.4, tunaijaza. Na ile dripu ya glukosi iliyokutia wasiwasi, eti mgonjwa wa kisukari anapewa sukari, ipo kwa sababu sukari imeshuka hadi 11.9 wakati ketoni bado hazijaisha. Tukisimamisha insulini sasa, asidi itarudi. Tunampa sukari ili tupate ruhusa ya kuendelea na insulini, mpaka ketoni ziwe chini ya 0.6, bikaboneti ifike 18, na pH ibaki juu ya 7.3. Leo asubuhi ketoni zilikuwa 1.4.

Sasa lisilonifurahisha. Oksijeni ya 88 ni nzuri kwa macho, lakini anaipata kwa hewa yenye oksijeni 45%, wakati mimi na wewe tunavuta 21%. Pafu la kulia bado halijasafika na homa ya jana usiku ilikuwa 38.1. Asidi itaisha kabla ya nimonia. Kwa hiyo msishangae mkisikia damu imekaa sawa na bado yuko kwenye mashine. Siwezi kukuahidi siku ya kuitoa. Tukifika 40% au chini, na kikohozi chake kikiwa na nguvu, kesho asubuhi tutapunguza dawa ya usingizi tuone anavyohema mwenyewe.

Sampuli inayofuata ni saa 8 mchana, nyingine saa 2 usiku. Nitakuwepo hadi saa 12 jioni, baada ya hapo mwulize daktari wa zamu ya usiku. Nimeshamwachia maelezo. Ukija, njoo na kalamu zake za insulini kama zilivyo, hata zilizokwisha, pamoja na dawa za presha, tujue alikuwa anatumia kipimo gani. Na zungumza naye, hata kama amelala. Mshike mkono wa kulia tu, wa kushoto una mrija wa ateri.