Samahani kwa usumbufu, dada

— Shikamoo dada. Samahani sana kwa kukusumbua usiku huu, najua umechoka na kazi. Nina swali dogo kuhusu mtoto, ila kama umeshalala tutaongea kesho, hakuna shida.

— Marahaba, mdogo wangu. Wala hujanisumbua, niko macho nakunja nguo tu. Na hata ningekuwa nimelala, ungenipigia niamke. Mzazi wa mtoto wa wiki mbili haombi radhi kwa kuuliza. Mimi nilipojifungua wa kwanza niliuliza kila kitu, mpaka rangi ya choo, na hakuna aliyenichoka. Kwa hiyo usiyaite maswali yako madogo. Uliza yote, hata yale unayoyaonea aibu.

Haya, niambie: ananyonya vizuri? Mtoto wa umri huo kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, ni kawaida, hata kama unaona hakupi nafasi ya kupumua. Ila kama mwili una joto, au amekataa ziwa, usiendelee kuandika. Nipigie sasa hivi tumpeleke hospitali.