Mbinu za Utafiti: Jinsi Magazeti Mawili Yalivyoripoti Migomo Mitatu

Utafiti huu unauliza jambo moja: katika habari za mgomo, nani anaonekana kuusababisha? Tulichagua magazeti mawili ya kila siku yanayochapishwa kwa Kiswahili, tukayaita Gazeti A na Gazeti B, na migomo mitatu: wa walimu, wa madaktari na wa madereva wa mabasi. Hatukuchukua sampuli ya siku za nasibu. Habari za migomo hujazana kwa siku chache kisha hupotea, na sampuli ya namna hiyo ingeweza kuupita mgomo mzima. Tulikusanya kila andiko lililohusu mgomo, kuanzia siku saba kabla haujaanza hadi siku saba baada ya kazi kurejea. Yalipatikana maandiko 246. Kitengo cha uchambuzi ni andiko zima. Picha na maelezo yake hayakusimbwa.

Mwongozo wa usimbaji

Kusimba ni kulipa kila andiko namba kwa kila kigeu; vigeu vyetu vinaanza na herufi V.

V1, aina ya andiko: 1 habari, 2 tahariri, 3 makala ya maoni, 4 barua ya msomaji.

V2, ukurasa wa mbele: 1 ndiyo, 0 hapana.

V3, anayenukuliwa kwanza: 1 mwajiri, 2 kiongozi wa chama cha wafanyakazi, 3 mgomaji wa kawaida, 4 serikali, 5 polisi, 6 mwananchi anayetumia huduma, 7 mwingine, 0 hakuna. Mgomo ukiwa wa watumishi wa umma, waziri wa sekta hiyo husimbwa 1, si 4, kwa kuwa hapo ndiye anayesema kwa niaba ya mwajiri.

V4, mkazo mkuu, kwa kuangalia kichwa cha habari na aya mbili za mwanzo tu: 1 usumbufu kwa umma, 2 madai ya wafanyakazi, 3 sheria na usalama, 4 mazungumzo ya usuluhishi.

V5, sababu ya mgomo imetajwa: 1 ndiyo, 0 hapana.

V6, mwajiri analaumiwa: 1 ndiyo, 0 hapana. Lawama ikitoka kwa mtu aliyenukuliwa nayo inahesabika.

Ulinganifu wa wasimbaji

Wasimbaji tulikuwa wawili. Kila mmoja alisimba peke yake maandiko 60 yaliyochaguliwa kwa nasibu, bila kuona karatasi ya mwenzake. V1 na V2 hazikutusumbua. V6 ndiyo iliyotukwamisha. Sote tuliandika 1 katika maandiko 4 na 0 katika 48. Katika 5 ni mimi tu niliyeona lawama, katika 3 ni mwenzangu tu. Tulikubaliana mara 52 kati ya 60, yaani asilimia 87, na kwa haraka tungeridhika. Lakini lawama ni adimu, na wawili wanaoandika 0 karibu kila mahali watakubaliana sana hata wakibahatisha. Kapa ya Cohen huondoa makubaliano hayo ya bahati; Po ni makubaliano yaliyopatikana, Pe ni yale yanayotarajiwa kwa bahati tu:

```
kapa = (Po - Pe) / (1 - Pe)
     = (0.8667 - 0.7683) / (1 - 0.7683) = 0.42
```

Tulipoyarudia yale maandiko 8, tuligundua tatizo ni kitenzi. “Mwajiri alichelewesha mishahara” halina utata. “Mishahara ilichelewa” je? Mimi nilisoma lawama, kwa sababu mishahara haijicheleweshi. Mwenzangu hakuona mtenda, akaandika 0. Vivyo hivyo “mazungumzo yalivunjika”. Kiswahili kinampa mwandishi njia rahisi ya kueleza tukio bila kumtaja aliyelitenda.

Tuliongeza kanuni: V6 ni 1 pale tu mwajiri anapokuwa mtenda wa kitenzi, au anapotajwa baada ya kitenzi cha kutendwa (“ilicheleweshwa na mwajiri”). Kanuni hii ni kali, na ninakiri kuwa inapunguza kile ambacho msomaji wa kawaida anakielewa. Kwa hiyo tulianzisha V7, tatizo la kazini limeelezwa bila mtenda (1 ndiyo, 0 hapana), ili sentensi hizo zisipotee kwenye hesabu.

Duru ya pili ilitumia maandiko mengine 60. Katika V6 tulikubaliana kwa 1 mara 8, kwa 0 mara 48, tukatofautiana mara 4, kila mmoja akiona lawama peke yake mara 2. Makubaliano ni asilimia 93, kapa 0.76; alfa ya Krippendorff, kipimo kingine cha ulinganifu, nayo ni 0.76. Krippendorff anashauri 0.800 kwa matokeo ya kutegemewa, na kati ya 0.667 na 0.800 hitimisho liwe la tahadhari. V6 imeangukia humo, na itaripotiwa hivyo. V3, V5 na V7 zilivuka 0.800. Maandiko ya duru ya kwanza yalisimbwa upya kwa kanuni mpya, na yale 126 yaliyobaki tuliyagawana nusu kwa nusu.

Kigeu cha nane, kama andiko linaunga mkono mgomo au linaupinga, kilibaki chini ya 0.667 katika duru zote mbili. Tumekifuta.