Somo la Sayansi, Darasa la Nne: Mzunguko wa Maji

Darasa lina wanafunzi 64, vipindi ni viwili vya dakika 40. Cha kwanza kiwe asubuhi na cha pili mchana wa siku hiyohiyo, mifuko ipate saa tatu au nne za jua. Hapa Kigoma Juni na Julai jua ni la uhakika. Msimu wa mvua, weka siku ya akiba.

Lengo: mwanafunzi aeleze kwa maneno yake kwamba maji yaliyokauka hayajapotea, na aonyeshe kwenye mchoro yalikopita.

Vifaa: mifuko minane angavu, maji, rangi ya chakula ya bluu, kalamu ya maka, selotepu, kamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usiwatume watoto dukani. Osha vifungashio angavu vya mkate vilivyokwishatumika, kisha vikaushe vizuri ndani na nje.

Kipindi cha kwanza

Anza na swali: "Mama kaanika kanga asubuhi, saa saba imekauka. Maji yamekwenda wapi?" Andika ubaoni kila jibu, hata "yameisha" na "jua limeyanywa". Usisahihishe. Majibu hayo yatahitajika mchana.

Kila kundi la wanane lichore kwenye mfuko wake: jua na wingu juu, milima katikati. Wamimine vijiko vinne vya maji yenye tone moja la rangi, wakunje mdomo wa mfuko mara mbili na kuuziba kwa selotepu pasipoacha upenyo. Wapige mstari usawa wa maji na kuandika "Ziwa".

Madirisha yetu mengi hayana vioo, na hilo si tatizo. Ning'iniza mifuko kwenye nondo za dirisha la mashariki. Jua likihama, ihamishie la magharibi taratibu, rangi isirukie juu.

Kabla ya kengele, kila mtoto aandike kwenye daftari anachotarajia kukuta. Usiruke hatua hii. Mtoto aliyekwisha kubashiri hutazama mfuko kwa macho mengine kabisa.

Kipindi cha pili

Kwanza watazame bila kugusa. Watakuta ukungu na matone upande wa ndani, juu ya mstari. Atakuwepo atakayesema mfuko unavuja. Mpe karatasi kavu afute nje. Karatasi itabaki kavu, naye mwenyewe atawaambia wenzake.

Kisha uliza: "Matone yana rangi gani?" Hapa usiwe na haraka, ndio moyo wa somo. Maji ya chini ni ya bluu, matone ya juu ni meupe. Waache wabishane. Ukweli ni kwamba maji yanapogeuka mvuke huiacha rangi chini, na mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Ndiyo maana Mto Luiche ukijaa huwa na tope, lakini mvua iliyoujaza ilishuka safi.

Sasa wagonge mfuko kwa kidole. Matone yatateleza na kurudi "ziwani". Yakitulia, usawa utakuwa karibu na mstari uleule. Rudi kwenye majibu ya asubuhi, wao wenyewe wafute yasiyosimama.

Mchoro wa ubaoni (wanakili kwa ukurasa mzima)

Kushoto, Ziwa Tanganyika. Kulia, milima. Juu, jua na wingu. Kutoka milimani hadi ziwani, Mto Luiche. Mishale na majina yake:

1. Ziwa kwenda juu: mvukizo, maji yanageuka mvuke kwa joto la jua.
2. Mvuke kwenda wingu: mtonesho, mvuke unapoa na kuwa matone madogo.
3. Wingu kwenda milimani: mvua.
4. Milimani kwenda ziwani: mtiririko. Ongeza mshale mfupi unaoingia ardhini, maji ya visima vyetu.

Waambie kwamba sehemu kubwa ya maji yanayotoka Ziwa Tanganyika hutoka kwa njia ya mshale namba moja. Mto Lukuga, upande wa Kongo, hutoa kiasi kidogo tu. Waeleze pia mfuko unapokomea: angani hakuna plastiki. Mvuke hupoa kwa sababu juu kuna baridi, na upepo unaweza kupeleka wingu mbali na ziwa lilikotoka.

Tathmini (daftarini, bila kutazama ubao)

a) Chora mshale unaoonyesha kanga inavyokauka, uupe jina.
*Jibu: mshale kwenda juu, mvukizo.*

b) Tungetoboa mfuko juu na kuuacha juani siku nyingi, "ziwa" lingekuwaje, na kwa nini?
*Jibu: lingepungua, kwa sababu mvuke ungetoka nje usirudi. Anayeongeza kwamba rangi ingebaki chini apewe alama ya ziada.*