Maombi ya Cheti cha Usafi kwa Mgahawa Mpya wa Mtori, Pasua

Neema E. Massawe,
Karibu na Soko la Pasua,
Kata ya Pasua,
MOSHI.

12 Mei 2025

Afisa Afya,
Halmashauri ya Manispaa ya Moshi,
MOSHI.

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata ya Pasua

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA UKAGUZI NA CHETI CHA USAFI KABLA YA KUFUNGUA MGAHAWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Pasua na mama lishe wa muda mrefu. Nimepanga chumba kimoja chenye jiko la nyuma, upande wa barabara inayoingia sokoni, na nakusudia kuanza kuuza chakula Jumatatu ya tarehe 2 Juni 2025. Asubuhi kutakuwa na mtori, supu na chapati. Mchana ndizi nyama, wali, maharage na mboga za majani. Wateja wangu ni wafanyabiashara wa sokoni, mafundi na vijana wa bodaboda, watu ambao tumbo likiwauma siku moja, siku hiyo nyumbani hakuna kilichoingia. Kwa hiyo naomba ofisi yako ije ikague kabla sijauza hata sahani moja. Nimewahi kuona mgahawa ukifungwa wateja wakiwa wameshakaa mezani, na sitaki wateja wangu wawe ndio wa kwanza kugundua kasoro.

Ombi langu kubwa ni muda wa ukaguzi. Jiko likiwa limepigwa deki na masufuria yamefunikwa, kila kitu huonekana kizuri. Naomba afisa aje tukiwa kazini. Kuanzia Jumatatu tarehe 19 hadi Jumamosi tarehe 24 Mei tutapika kila siku kama tutakavyopika tukifungua, ila chakula kitaliwa na sisi wenyewe na familia zetu. Moto unawashwa saa 11 alfajiri. Akija kati ya saa 1 na saa 3 atakuta mtori uko tayari na vyombo vya asubuhi vinaoshwa, na hapo ndipo ataona maji yanatoka wapi na yanaishia wapi.

Maji ni ya bomba la mamlaka ya maji, MUWSA, na mita iko kwenye chumba hiki hiki. Kwa siku ambazo maji yanakatika nimeweka simtanki la lita 1,000 juu ya mnara wa chuma, lina mfuniko, na bomba lake linaingia moja kwa moja jikoni ili asiwepo mtu wa kuchota kwa kopo. Vyombo vinapita kwenye sinki tatu: ya kwanza maji ya moto na sabuni, ya pili kusuuza, ya tatu maji yenye jiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Baada ya hapo vinakaushwa kwenye kichanja. Hatutumii kitambaa kufutia sahani, maana kitambaa kimoja chenye unyevu kinaweza kuchafua sahani zote zilizokwisha oshwa. Wateja watanawa mlangoni kwa maji yanayotiririka na sabuni. Beseni la kunawia pamoja halitakuwepo. Maji ya kunywa yanachemshwa na kuwekwa kwenye ndoo yenye bomba.

Kuhusu mtori naomba nieleze zaidi, kwa sababu ndicho chakula nitakachouza kwa wingi. Ndizi mshale zikishapondwa pamoja na nyama na mchuzi wake, uji ule mzito hushika joto kwa saa nyingi, na sufuria kubwa ikiachwa mezani huwa vuguvugu katikati hadi usiku. Joto la namna hiyo ndilo vimelea wanalolipenda, na baadhi yao hawafi kwa mchemsho wa kwanza. Kwa hiyo sitapika sufuria moja kubwa ya kutwa nzima. Nitapika ndogo mbili, moja ya alfajiri na nyingine ya saa 4, na ile inayouzwa itabaki juu ya moto mdogo, ikiwa na joto lisilopungua nyuzi 60. Nina kipimajoto cha kuchomeka, na kila tunapopima tunaandika kwenye daftari ambalo afisa anaweza kulikagua siku yoyote. Mtori uliobaki hauuzwi kesho yake. Maziwa yanaingia mwishoni yakiwa yamechemshwa.

Nyama nitanunua kwenye bucha zinazouza nyama yenye mhuri wa mkaguzi tu. Itakaa kwenye friji lenye nyuzi 5 au chini ya hapo, rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli lenye mfuniko. Kibao na kisu cha nyama vimefungwa utepe mwekundu, na vya kachumbari na matunda vina utepe wa kijani. Kachumbari inakatwa kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja.

Wasaidizi wangu ni wawili. Sote watatu tumepima afya katika kituo cha serikali na majibu nimeambatanisha. Tutarudia kupima kila baada ya miezi 6. Tumekubaliana pia kwamba anayeharisha au mwenye kidonda mkononi hagusi chakula, na siku hiyo posho yake analipwa. Nimeliweka hilo la posho makusudi: msaidizi asiyelipwa akiumwa ataficha ugonjwa aje kupika.

Maganda ya ndizi yatachukuliwa kila jioni na mfugaji wa ng'ombe. Taka nyingine zinakaa kwenye mapipa mawili yenye mifuniko, nje ya jiko, zikisubiri gari la taka.

Yapo mambo mawili ambayo bado hayajakamilika, na nayaeleza ili afisa asiyakute bila kutarajia. La kwanza ni choo. Kipo nyuma, kina maji na sehemu ya kunawa, lakini tunakitumia pamoja na duka la jirani, na mlango wake unatazama jiko. Mwenye nyumba amekubali kwa maandishi kujenga ukuta wa kukinga, na fundi anaanza wiki hii. Naomba ofisi iamue kama ukuta huo unatosha au mlango wenyewe uhamishwe, kabla fedha hazijaisha kwenye tofali. La pili ni mtego wa mafuta kwenye bomba la maji machafu. Shimo limechimbwa, ila sijui ukubwa unaokubalika kwa mgahawa wa viti 20. Nikipewa vipimo, utakuwa umekamilika ndani ya siku chache.

Iwapo ofisi itaona nisifungue tarehe 2 Juni hadi haya yakamilike, nitasubiri. Naomba tu nipewe maelekezo kwa maandishi, pamoja na kumbukumbu namba ya malipo ili nilipe ada inayotakiwa benki au kwa simu.

Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho changu cha taifa yenye namba yangu ya simu, cheti cha TIN, mkataba wa pango, barua ya mwenye nyumba kuhusu ukuta, majibu ya vipimo vya watu watatu, na mchoro wa chumba nilioupiga kwa mkono ukionyesha sinki, jiko, friji na choo.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

N. E. Massawe
Neema E. Massawe
Mwombaji