Kazi ya Harmonia: Kadensi Nne za Dondoo la Korali katika G Meja

Dondoo tulilopewa darasani, hapa Mji Mkongwe, lina vipimo 8 vya mapigo manne manne katika ufunguo wa G meja, nalo limeandikwa kwa soprano, alto, tena na besi. Fermata zimewekwa kwenye pigo la tatu la vipimo vya 2, 4, 6 na 8. Nimezitumia kugawa vifungu, kwa kuwa katika korali za Kilutheri fermata huwekwa mwisho wa mstari wa maneno, kama vile kina kinavyotujulisha kuwa kipande cha shairi kimekwisha. Hata hivyo, fermata huonyesha mahali pa kutazama tu. Aina ya kadensi haina budi kuthibitishwa kwa nota zenyewe.

Kordi mbili za mwisho za kila kifungu ni hizi, ambapo C4 ni C ya katikati ya kinanda:

```
Kipimo     2         4         6         8
Soprano    C5  A4    C5  B4    E5  D5    A4  G4
Alto       A4  F#4   F#4 G4    G4  F#4   F#4 D4
Tena       E4  D4    D4  D4    C#4 A3    D4  B3
Besi       C3  D3    D3  G3    A3  D3    D3  G2
Aina       KN        KKP       KKT (D)   KKT (G)
```

KN ni kadensi nusu, yaani kifungu kinachosimama juu ya dominanti. KKP ni kadensi kamili pungufu na KKT ni kadensi kamili timilifu. Hizi mbili hutoka dominanti kwenda tonika, lakini ili iitwe timilifu, kordi zote mbili zinapaswa kuwa katika hali ya msingi, na soprano iishie kwenye tonika. Sharti moja likikosekana, kadensi ni pungufu.

Kipimo cha 2 hakina ubishi. Besi inapanda kutoka C hadi D, kordi ni ii6 kisha V, na kifungu kinatua juu ya V bila kuifikia tonika. Soprano inaishia kwenye A, daraja la pili la skeli, na msikilizaji anabaki akingoja. Hiyo ni kadensi nusu.

Katika kipimo cha 4 besi inaruka kutoka D hadi G na kordi ni V7 kisha I, zote katika hali ya msingi, kwa hiyo ni rahisi kuandika KKT kwa haraka. Lakini C ya soprano ni nota ya saba ya dominanti, na kwa kawaida ya nota hiyo inashuka hatua moja hadi B, daraja la tatu. Wakati huohuo F# ya alto inapanda hadi G, na tano iliyopunguzwa baina ya sauti hizo mbili inajifunga kuwa tatu. Mwendo ni mzuri na umekamilika kiharmonia, ila soprano haikutua kwenye tonika. Kwa hiyo nimeandika kadensi kamili pungufu.

Kipimo cha 6 ndicho kinachohitaji hoja, kwa sababu kina majibu mawili yanayowezekana. Kordi ya mwisho ni D meja, ambayo ni dominanti ya G, na kordi inayoitangulia ni A7. Mtu anayeshikilia kuwa bado tumo ndani ya G ataandika V7 ya V kisha V, na ataiita kadensi nusu. Mtu anayeona kuwa wimbo umehamia D ataandika V7 kisha I ya D, na ataiita kadensi kamili timilifu. Nimechagua jibu la pili.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba C# haikuja ghafla kwenye kordi moja tu. Imesikika mapema kwenye besi, katika pigo la tatu la kipimo cha 5, ndani ya A meja iliyogeuzwa ambayo mara moja inakwenda D, na baada ya hapo hakuna C isiyo na shapu hadi fermata. Sababu ya pili ni kwamba pigo la pili la kipimo hichohicho lina kordi ya E mina, ambayo ni vi ya G na pia ni ii ya D, kwa hiyo panapatikana daraja halisi la kuvukia kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine. Sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba kipimo cha 6 chote kinasomeka ii6, V7, I katika D: besi inakwenda G, A, D, huku soprano ikishuka kutoka E hadi D. Masharti yote ya kadensi timilifu yanatimia katika ufunguo huo.

Sikio linaweza kutushawishi vinginevyo. Wengi wetu tumelelewa na taarabu, ambamo fidla, kanuni na udi huufuata wimbo mmoja kwa pamoja, na tumezoea kutambua mwisho wa kifungu kwa kuusikiliza wimbo huo. Katika korali soprano peke yake haitoshi. D ya juu ingeweza kuwa daraja la tano la G au tonika ya D, na ni besi pamoja na C# ya tena zinazoamua.

Kuhusu C# hiyo, haipandi hadi D kama nota ya kuongoza inavyotarajiwa, bali inashuka hadi A. Katika korali za Bach jambo hili ni la kawaida pale nota ya kuongoza inapokuwa katika sauti ya ndani. Kama tena ingepanda hadi D, kordi ya mwisho ingekuwa na D tatu na F# moja, bila A. Kwa kushuka, kordi inapata nota zake zote. Jina la kadensi halibadiliki, kwa kuwa masharti yake yanahusu besi na soprano.

Mbinu hiyohiyo inarudi katika kipimo cha 8, safari hii katika alto. Pigo la kwanza lina ii6/5, na G ya alto inashikiliwa hadi nusu ya kwanza ya pigo la pili, ambapo inagongana na A ya soprano juu ya besi ya D, kisha inashuka hadi F#. Kucheleweshwa huko, nne kwenda tatu, ni pambo la dominanti na si kordi ya pekee, kwa hiyo nimeandika V moja tu yenye tarakimu 4–3. Baadaye F# inashuka hadi D, soprano inatua kwenye G, na besi inashuka kutoka D hadi G. Ni kadensi kamili timilifu katika G.

Imebaki kueleza mahali ambapo sikuandika kadensi. Katika kipimo cha 7, kati ya pigo la pili na la tatu, kordi ya D inafuatwa na E mina, yaani V kisha vi, mwendo uleule wa kadensi danganyifu. Lakini hapo hakuna fermata, maneno hayajafika mwisho wa mstari, na sauti zote zinaendelea bila kupumzika hadi kordi ya C kwenye pigo la nne, ambayo ndiyo inayoirudisha C isiyo na shapu na kuturejesha G. Nimeziandika kordi hizo kwa namba za Kirumi tu, bila jina la kadensi chini yake.