Yah: Kuchelewa kwa video ya mafunzo ya ushonaji na ratiba mpya

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dada Rehema,

Salaam. Tulikubaliana kwamba video ya dakika 12 ingekuwa mikononi mwako Ijumaa iliyopita, tarehe 6. Haikufika, na najua umeshawaahidi walimu wenzako kwamba itaonyeshwa siku ya kuzindua kozi. Naomba radhi kwa dhati, kwa kuchelewa na pia kwa kutokuarifu Jumatano, nilipoona kwamba tarehe ile isingewezekana. Ulistahili kulijua jambo hilo mapema ili ujipange.

Kilichotukwamisha ni sauti. Mahojiano yalirekodiwa kwa kamera mbili na simu moja, na sauti ikachukuliwa na kinasa sauti cha pembeni. Kamera zimetunza kasi ile ile ya fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Simu haikufanya hivyo: kasi yake hupanda na kushuka yenyewe kulingana na mwanga na mzigo wa kazi iliyonayo. Ukitazama mwanzo wa klipu huoni tatizo, midomo na maneno vinakwenda pamoja. Lakini kadiri mahojiano yanavyoendelea sauti inaachana na picha kidogo kidogo, na kufikia mwisho mwalimu ameshafunga mdomo na bado anasikika akiongea. Kusogeza sauti mbele au nyuma hakusaidii, maana pengo linabadilika kila mara. Imebidi klipu zote za simu zigeuzwe ziwe na kasi moja isiyobadilika, kisha nioanishe upya sauti na picha, mahojiano kwa mahojiano. Kazi hiyo imekamilika jana usiku na nimeikagua, haitarudi kutusumbua.

Kuna klipu za simu ambazo sikuzigeuza kwa njia hiyo: zile za mikono ikishona. Kuzigeuza hivyo kungeondoa baadhi ya fremu na kufanya sindano ionekane ikirukaruka. Hizo nimezipunguza mwendo kidogo, na kwa kuwa hazina maneno hakuna kinachoharibika. Kwa kweli zimependeza zaidi, mwanafunzi ataweza kufuata uzi unavyopita.

Dakika saba za mwanzo zimeshapangwa. Ningependa sana uangalie pale mwalimu anapofumua mshono wa mwanafunzi na kumrudishia kitambaa bila kusema neno. Nimekiacha kipande hicho kiende chenyewe, bila muziki wala maelezo. Ukiona ni kirefu mno niambie, ila mimi naona ndipo kozi yako inapojieleza vizuri kuliko popote.

Ratiba ninayopendekeza ni hii. Keshokutwa Jumatano, tarehe 11, kabla ya saa 12 jioni, nitakutumia kiungo cha toleo la awali la video nzima. Rangi na sauti zitakuwa bado hazijasafishwa, hivyo usihangaike nazo. Tazama mpangilio, maneno na urefu. Naomba maoni yako yanifikie Ijumaa tarehe 13 jioni, yote katika ujumbe mmoja, kila moja likiwa na dakika na sekunde yake. Kama kuna mwalimu mwingine anayetakiwa kuidhinisha, tafadhali aitazame katika siku hizo hizo, kwa sababu mabadiliko ya mpangilio yakija baada ya rangi na sauti kukamilika yanaturudisha nyuma kabisa. Jumatatu tarehe 16 utapata toleo lililorekebishwa, na ukiliridhia siku hiyo, Jumatano tarehe 18 nitakukabidhi faili la mwisho. Hapo Alhamisi nzima itabaki kwa ajili ya kulijaribu kwenye projekta na spika mtakazotumia Ijumaa tarehe 20. Alhamisi hiyo nimeiacha wazi makusudi, na siku yenyewe ya uzinduzi nitapatikana kwa simu.

Kwa usumbufu huu nitaongeza manukuu kwenye video nzima, pamoja na kipande cha wima cha dakika moja cha kusambaza kwa simu, bila malipo ya ziada. Salio la malipo lisitolewe hadi ulipokee faili la mwisho na uliridhie.

Ikiwa tarehe hizi hazikufai, au umeshaamua kumpa kazi mtu mwingine, niambie waziwazi. Nitamkabidhi faili zote za mradi, sauti zilizooanishwa zikiwemo, ili asianze mwanzo. Ningetamani kuimaliza mwenyewe, lakini kozi ni yako na uamuzi ni wako.

Nitakupigia kesho saa 4 asubuhi. Ukiwa darasani, nitumie ujumbe mfupi tu kwamba ratiba imekubalika, nami nitaendelea.

Wako katika kazi,
Salum
Mhariri wa video